Baga, supamaketi na kozi ya onlaini: wapi mfumo wa kimakdonaldi unakufaa, wapi unakulia hela yako

Wengi wakisikia makdonaldizesheni, yaani kuendesha mambo kwa mtindo wa mgahawa wa baga wa McDonald's, wanajua ni stori za Wamarekani na baga zao, wanapita zao. Sasa Dar hakuna hata tawi moja la McDonald's, Nairobi hakuna, Kampala hakuna, lakini mfumo wenyewe umeshatufikia zamani, upo supamaketi na upo kwenye hiyo simu uliyoshika, na mimi naona swali la maana sio kama mfumo ni mzuri au mbaya, swali ni sehemu gani unakufaa wewe mwenye hela na sehemu gani unakuchuna. Kwa hiyo hapa naweka tatu pembeni kwa pembeni: chakula cha haraka, supamaketi, na kozi za mtandaoni.

Kwanza kidogo tu kuhusu mfumo ili tuongee kitu kimoja. Jina limeletwa na George Ritzer, mwanasosholojia wa Marekani, kitabu chake kuhusu jambo hili kilitoka 1993, na msingi aliutoa kwa Mjerumani Max Weber aliyekuwa anaangalia jinsi ofisi na sheria zinavyowageuza watu kuwa kama vipuri. Ritzer akasema ukitaka kuuona mfumo huo sasa hivi usiende ofisi ya serikali, nenda mgahawa wa baga. Utakuta ufanisi, yaani kila kitu kimepangwa kipite njia fupi. Utakuta kila kitu kinahesabika, gramu, sekunde, bei. Utakuta udhibiti, mashine na utaratibu ndo vinaamua, sio akili ya aliyepo zamu. Na la nne ni kwamba matokeo yanatabirika, ulichokula juzi ndo utakachokula kesho. Hilo la nne sitalipa sehemu yake maana linatoka kwenye hayo matatu.

Kazi imehamia kwa nani?

Hapa ndo pa kuanzia ukilinganisha, kwa sababu ufanisi mara nyingi sio kwamba kazi imeisha, kazi imehama.

Angalia walivyoanza. Richard na Maurice McDonald, ndugu wawili, walikuwa na mgahawa wa watu wenye magari San Bernardino, California, na ulikuwa unauza vizuri tu. Mwaka 1948 wakaufunga kwa muda wakaupanga upya. Wahudumu waliokuwa wanapeleka chakula kwenye magari wakaachishwa, menyu ikakatwa kutoka vitu 25 hivi ikabaki 9, sahani na uma vikaondolewa ikaja karatasi kwa hiyo hakuna wa kuosha vyombo, na baga ikauzwa senti 15. Baadaye walipotaka kujenga jiko jipya walichora ramani yake kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wakawaita wafanyakazi waigize kama wanapika, huyu anageuza nyama, huyu anapaka sosi, huyu anafunga, na wao wanafuata nyuma wakihamisha mistari mpaka watu wakaacha kupishana vibaya. Ukiangalia vizuri pale hakuna mpishi. Kuna mtu wa kugeuza, mtu wa kupaka, mtu wa kufunga, na kazi ya mhudumu umepewa wewe mteja: unapanga foleni, unabeba trei, ukimaliza unamwaga taka mwenyewe, na unaona sawa tu.

Supamaketi ilitangulia kwa hilo. Mwaka 1916 kule Memphis, Tennessee, Clarence Saunders alifungua duka aliloliita Piggly Wiggly. Kabla ya hapo Mmarekani alikuwa ananunua kama sisi tunavyonunua kwa Mangi: unasimama nje ya kaunta, unataja, mwenye duka anageuka kukuletea. Saunders akakuingiza ndani. Unapita geti la kuzunguka, unafuata njia moja inayokupitisha mbele ya rafu zote, unaokota mwenyewe, unatokea kwa keshia. Wafanyakazi wakapungua, na wewe umepita mbele ya vitu ambavyo hukuvifuata, ndo maana ulitumwa chumvi ukarudi na biskuti. Siku hizi nchi nyingine hata ukeshia wamekupa wewe, unaskani mwenyewe na mashine inapima uzito wa kila unachoweka kwenye mfuko kama unalingana na ulichoskani, ukikosea kidogo inapiga kelele na mtu lazima aje. Booths, supamaketi za kaskazini mwa Uingereza, mwaka 2023 walitangaza kuziondoa mashine hizo karibu matawi yote warudishe watu. Kumbe kazi ikihamishwa sana mteja anachoka.

Na kazi haihamii kwa mteja peke yake. Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kesi ya muuza mtindi mmoja dhidi ya kampuni inayoendesha Carrefour Kenya, ikaona supamaketi inatumia ubavu wake vibaya, ikiwemo kumkata msambazaji punguzo kwenye mauzo na kumtaka aweke watu wake mwenyewe ndani ya maduka. Yaani yule kijana unayemuona anapanga bidhaa kwenye rafu, kuna uwezekano mkubwa halipwi na supamaketi, analipwa na kampuni ya bidhaa. Ukisema supamaketi ina ufanisi, uliza ufanisi wa nani.

Sasa njoo kozi ya onlaini. Mwaka 2011 walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifungua kozi ya Stanford ya akili bandia kwa mtu yeyote mtandaoni bure, wakajiandikisha watu kama 160,000. Somo linarekodiwa mara moja, kwizi inasahihishwa na mashine, na mwanafunzi wa laki na nusu hamuongezei mwalimu hata dakika moja. Mwaka uliofuata yakaja majukwaa ya kozi za namna hiyo, Udacity, Coursera na edX. Ufanisi wa hatari! Lakini kazi imeenda wapi? Imekuja kwako. Wewe ndo ratiba, wewe ndo msimamizi wa mtihani, wewe ndo fundi wa intaneti, bando ni lako, na ukikwama kwenye video ya nne wewe ndo wa kujua umekwama na kwa nini.

Na hapo ndo tofauti ya kwanza kubwa. Kubeba trei ni kazi ndogo, haina uhusiano na ladha ya kuku. Kuokota sukari kwenye rafu ni kazi ndogo, sukari ni ile ile. Ila kazi ya kujua mwanafunzi amekwama wapi na kumsukuma asiache, hiyo sio kazi ya pembeni, hiyo ndo kazi ya mwalimu yenyewe, ndo uliyokuwa unailipia ada. Kwenye kozi nyingi za bei rahisi umebakishiwa video.

Alafu kuna kitu vitabu vya Kimarekani haviwezi kutuambia. Kwao, mteja akifanya kazi analipwa kwa bei kushuka. Hapa kwetu kuku wa mgahawa wa cheni ni ghali kuliko chipsi kuku za pale kona, na mchele wa supamaketi mara nyingi unaupita wa sokoni. Kwa hiyo unabeba trei NA unalipa zaidi. Unacholipia ni kwamba hutashtukizwa: choo kisafi, kiyoyozi, risiti, na kuku atakuwa yule yule. Sio kosa kukilipia, ila jua ndo hicho, usijidanganye unafuata unafuu.

Kinachohesabika ndo unachokitaka?

Kwenye kuhesabika nitasema wazi, supamaketi inashinda, na watu wanaolia kwamba namba zimeua utu nadhani hawajawahi kuuza viazi. Mkulima wa Njombe anamjua lumbesa vizuri. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kilemba juu, na linanunuliwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo Tanzania inasema gunia lisizidi kilo 100, lumbesa linazidi hapo na hela ya ziada haifiki shambani. Hapo mzani ni mtetezi wa mnyonge. Vivyo hivyo mteja: paketi imeandikwa kilo 1, ina bei, ina tarehe ya kuisha, hakuna haja ya kujuana na mtu ili upimiwe vizuri. Tangu Juni 1974, pale Troy, Ohio, keshia alipoiskani barikodi ya kwanza kwenye pakiti ya bablishi za Wrigley, bei haitegemei tena keshia amekukumbuka au amekuchukia.

Lakini hesabu hiyo ina sakafu yake. Supamaketi haikukatii mafuta ya kipimo, haikuuzii nusu kikombe cha sukari, na haina daftari. Kwa Mangi unachukua leo unalipa mwisho wa mwezi, anajua unakaa wapi. Mtu mwenye elfu mbili ya siku nzima hata bei ya kilo iwe rahisi kiasi gani supamaketi haimsaidii, maana hanunui kilo. Kwa hiyo wale wanaosema "nunua jumla ni nafuu" wanaongea na mwenye mshahara.

Kwenye chakula cha haraka kuhesabika ni hivi hivi tu. McDonald's ya zamani walikata vipande 10 vya nyama kwenye ratili moja, kama gramu 45 kila kimoja, na sosi inatoka kwenye pampu iliyosetiwa kiasi kile kile. Unajua hutapunjwa. Unajua pia hutaongezewa. Muuza chipsi ukiwa mteja wake wa kila siku anakutupia vipande viwili juu na kachumbari ya kutosha, siku nyingine anakupa zilizolala. Mimi naona ngoma droo, inategemea unajuana na nani.

Kwenye kozi ndo hesabu inaharibika kabisa, na nataka nikae hapa kidogo. Jukwaa linahesabu nini? Video umetazama asilimia ngapi, kwizi umepata ngapi, saa ngapi umekuwa ndani, umefika moduli ya ngapi. Vyote ni rahisi kuhesabu. Kujua hakuhesabiki kirahisi, kwa hiyo kinachohesabika kinakaa kwenye nafasi yake.

Chukua swali la kawaida kabisa, ½ + ⅓. Mwanafunzi anajibu 2/5. Mashine inasema si sahihi, jaribu tena. Kuna machaguo manne, anajaribu la pili, si sahihi, la tatu, 5/6, sahihi, hongera, mstari wa kijani unasogea. Kwenye rekodi amemaliza swali. Sasa mwalimu yeyote wa darasa la tano akiona 2/5 anajua sekunde hiyo hiyo kilichotokea: huyu amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, hajaelewa kwamba nusu na theluthi ni vipande vya saizi tofauti. Na angejibu 2/6 lingekuwa tatizo jingine, huyo ameshajua chini inatakiwa 6 ila amesahau kubadilisha juu. Makosa mawili, dawa mbili. Mashine iliyosetiwa sahihi au si sahihi imeyaona kama kosa moja. Kuna mifumo mizuri inayosetiwa ijue makosa ya kawaida na kumpa kila mmoja maelezo yake, lakini mtu lazima akae ayaandike moja moja, ni gharama, na kozi nyingi hazijafanya hivyo.

Kwa hiyo ukilinganisha: kwenye sukari, namba na kitu ni kimoja. Kwenye baga, namba ziko karibu na kitu. Kwenye kozi, namba na kitu vinaweza kutengana kabisa na usijue mpaka siku ya usaili.

Kiazi kinachokataliwa getini

Sasa udhibiti, na hapa ndo penye siri ya mfumo wote, maana watu wanadhani matokeo yanafanana kwa sababu ya mashine nzuri na mafunzo. Nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba malighafi imechujwa kabla haijafika kwenye mashine.

Mfano mzuri ni wa jirani zetu. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa chipsi. Kenya! Nchi ambayo viazi ni zao la chakula la pili baada ya mahindi, Nyandarua huko magunia yamejaa barabarani. Sababu waliyotoa ni kwamba viazi vyao vinatoka nje na meli zimechelewa kwa ajili ya kovidi, na viazi vya ndani haviwezi kuingia jikoni hivi hivi kwa sababu kila msambazaji lazima apite ukaguzi wa ubora wa kampuni dunia nzima. Watu mitandaoni wakawaka, wakaitisha mgomo, na kampuni ikatoa taarifa kwamba itatafuta wasambazaji wa ndani.

Hasira zile nazielewa, ila ukienda kiundani, jiko lile halikuwa na uwezo wa kupokea kiazi cha Nyandarua hata wangetaka siku ile. Kiazi kinacholimwa zaidi Kenya kinaitwa Shangi. Wakulima wanakipenda kinakomaa haraka, wapishi wanakipenda kinaiva haraka. Lakini macho yake yameingia ndani kwa hiyo kumenya kwa mashine kunapoteza sana, na hakikai stoo, kinachipua upesi. Kiwanda cha chipsi kinataka kiazi kirefu, kikavu kisicho na maji mengi, na chenye sukari kidogo, kwa sababu sukari ndo inaunguza chipsi zikawa kahawia kabla ndani hapajaiva. Kule kiwandani vinakatwa saizi moja, vinachovywa maji ya moto kutoa sukari, vinakaangwa nusu, vinagandishwa. Vikifika mgahawani kijana anamwaga kikapuni, anabonyeza taima, ikilia anatoa. Hahitaji kujua kiazi. Taima inafanya kazi kwa sababu tu viazi vyote vimeshafanana.

Sasa simama kwenye banda la chipsi uangalie. Jamaa amepokea gunia, leo viazi vina maji, juzi vilikuwa vikavu. Anakaanga raundi ya kwanza anatoa vikiwa vyeupe, anaacha vipoe, mteja akija anarudisha kwenye mafuta. Hana taima. Anasikia: mafuta yakiwa yanapiga kelele nyingi maji bado yapo, kelele ikipungua zinakaribia, na rangi anaiona. Udhibiti upo kichwani mwake, kwa hiyo kiazi chochote kinapita. Ubaya wake ni kwamba siku hayupo kaweka mdogo wake, chipsi zimeharibika.

Ndo biashara mbili hizo: moja inatoa akili kwa mkaangaji inaipeleka kiwandani na kwenye uchujaji, nyingine inabaki na akili jikoni. Supamaketi nayo inafuata ile ya kwanza, nyanya zinachaguliwa saizi, rangi, ngumu zisafiri, zilizopinda zinabaki kwa mkulima, na ndo maana nyanya za sokoni ni mbaya kwa sura na nzuri kwenye sufuria.

Kwenye kozi ya onlaini, kiazi ni wewe.

Hapo ndo mambo yanabadilika, na kuna tukio lilitokea California linaonyesha wazi kuliko maelezo yangu. Januari 2013 Chuo Kikuu cha Jimbo cha San José kilitangaza majaribio na Udacity, gavana Jerry Brown yupo hapo hapo, masomo matatu ya hesabu, kila somo kwa ada ya dola 150 tu. Na waliwaweka wale ambao ndo hasa walikuwa wanatafutiwa msaada: wanafunzi waliokuwa wameshafeli hesabu za kuanzia, na watoto wa sekondari wa Oakland, wengine hata kompyuta nyumbani hawana. Matokeo yakatoka, somo lililofaulisha zaidi ni takwimu, kama nusu ya watu, na aljebra ni robo tu. Wale wa darasani walikuwa juu yao. Julai chuo kikasimamisha.

Alafu kumbe kipindi cha kiangazi kilikuwa kinaendelea na masomo hayo, matokeo yake yakatoka mazuri, aljebra ikapanda ikapita asilimia 70. Watu wakashangilia, wamerekebisha kozi! Kweli walirekebisha vitu kadhaa. Ila ukiangalia nani walikuwa darasani, zaidi ya nusu ya wale wa kiangazi walikuwa tayari na digrii. Wamebadilisha viazi.

Na hiyo haikuwa ajali ya chuo kimoja. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa kozi za Harvard na MIT kwenye edX tangu 2012, ukaonyesha mwaka wa masomo 2017 hadi 2018 waliomaliza kozi ni asilimia 3.13 ya walioshiriki. Kati ya waliolipia cheti kilichothibitishwa ni asilimia 46. Sasa hiyo 3.13 isikutishe sana, wengi walijiandikisha kuchungulia tu, bure haina uchungu. Lakini hata kwa waliotoa hela, zaidi ya nusu hawakufika. Mgahawa ukikataa kiazi unakikataa getini kabla ya kukilipia, na kozi haikatai mtu getini, inachukua hela ya wote, uchujaji unafanyika ndani taratibu, mmoja anaachia moduli ya 2, mwingine ya 5, na wanaobaki wanaitwa ushahidi kwamba kozi inafanya kazi. Ukisoma maoni ya "nimemaliza na imenisaidia sana" unasoma waliochujwa.

Ningechagua hivi

Sukari, sabuni, dawa ya mbu, maziwa ya paketi, taulo za mtoto, chochote chenye uzito na tarehe vilivyoandikwa: supamaketi kama hela unayo ya mwezi mzima, na ingia na orodha iliyoandikwa, usitoke nje ya orodha, maana njia ile ilichorwa ikupotoshe. Kama hela inakuja kwa siku, Mangi, wala usione aibu. Mboga, nyanya, ndizi, samaki: sokoni, na upate muuzaji wako mmoja umzoee, akili ya kuchagua anayo yeye.

Chakula cha haraka cha cheni mimi nakipa nafasi tatu. Uko safarini na watoto, uko mji usiojua mtu, au tumbo lako ni la kubembelezwa na mafuta yaliyokaangiwa tangu asubuhi hayakufai. Hapo kulipa zaidi kwa kutoshtukizwa ni halali. Nje ya hapo, chipsi za kona zinakupa chakula kingi zaidi kwa hela ile ile, tena nenda saa ambayo foleni ipo, mafuta na viazi vinazunguka.

Kozi ya onlaini usiichague kwa mada, jipime wewe na aina ya kosa. Ukiwa umeshasoma kitu cha karibu, mfano mhasibu anataka kujua Eksel vizuri, au mtu anayeandika programu anaongeza lugha ya pili, nenda onlaini bila wasiwasi, kwa sababu ukikosea fomula kompyuta inakuonyesha kosa hapo hapo na msingi wa kujisahihisha unao. Wewe ni kile kiazi kikavu kirefu, mfumo umetengenezwa kwa ajili yako. Lakini kama ni somo lililokushinda shule, hesabu, Kiingereza cha kuongea, uandishi, au mtoto wa darasa la sita anarudia sehemu, hapo tafuta mtu, hata kama ni twisheni ya uani yenye wanafunzi 8 na ubao mmoja, hela yako inaenda kwenye jicho la mtu anayeona umefanyaje.

Na zipo za katikati, zenye video lakini pia zina mkufunzi na kundi dogo. Hizo ni bei juu, na wengine wanajiita hivyo kumbe mkufunzi ni namba ya wasapu isiyojibu. Kabla ya kutuma muamala waulize hivi tu: nikituma kazi niliyokosea, nani anaisoma, na narudishiwa baada ya muda gani ikiwa imeandikwa nini? Wakikujibu jina la mtu na siku mbili au tatu, omba wakuonyeshe kazi moja iliyosahihishwa, wamefuta jina la mwenyewe. Wakianza kukuhesabia saa za video na idadi ya vyeti, au wakakwambia "mfumo unasahihisha papo hapo", umeshajua ni jiko la namna gani, na bado unaweza kulipa kama wewe ni yule mhasibu wa Eksel.